Nafasi Tupu Chini ya Namba Tatu

Nianze na ujinga wangu, maana wenzangu wa darasani wameshausimulia wakautia chumvi mpaka sasa mtu akinisikiliza anadhani nilichoma boma la Serikali. Sikuchoma kitu. Mama aliniambia sehemu fulani ya karatasi niiache tupu, nami nikaandika pale maneno kumi na moja ya kuchekesha, na chini yake nikachora duara la kuwekea dole gumba. Basi. Maneno kumi na moja na duara. Kilichofuata nitakieleza kwa mpangilio, ila mjue tangu mwanzo kwamba mkosaji ni mimi na nilikuwa na akili timamu.

Ilikuwa mwaka jana, nikiwa darasa la saba katika shule ya kati hapa Lindi. Mama yangu ni mkunga wa kliniki ya mama na watoto huku kwetu Mtanda. Alisomea Dar es Salaam, ana kofia nyeupe na saa ya kubandika kifuani, na akivaa hivyo hata baba anamwamkia kwa adabu. Lakini wanawake wengi wa mtaani hawakuwa wakizalia kliniki. Walizalia nyumbani, mikononi mwa bibi mmoja mwenye asili ya Kilwa ambaye alikuwa ameshika vichwa vya nusu ya watu wa mtaa huu walipokuwa wanatoka, na changu kikiwamo. Huyo bibi na kliniki walikuwa hawasemezani. Kliniki ilimwita mshamba, yeye akaiita kliniki jiko la Wazungu.

Msimu ule watoto wachanga watatu walikakamaa wakafa. Mtoto anazaliwa mzima, ananyonya, halafu kufika siku ya sita au ya saba taya zinafunga, mwili unakuwa kama ubao, na hapo hata daktari anabaki kukuna kichwa. Mama alisema ugonjwa unaingilia kwenye kitovu, kwa wembe mchafu au kwa vitu vinavyopakwa pale. Akaenda mwenyewe nyumbani kwa yule bibi, bila kofia, akapiga hodi, akakaa chini kwenye mkeka, akamwomba aje na wakunga wenzake Jumamosi moja tu wasikilize mazungumzo. Bibi akakubali kuja mara moja. "Mara moja, mwanangu," alimwambia. "Nikiona mnanichezea, naondoka, na hao wengine wanaondoka nami." Mama aliporudi alikuwa anatabasamu kwa mdomo tu. Alijua Jumamosi ile haina ya pili yake.

Ndipo akanijia na daftari lake. Alikuwa ameandika kurasa kumi na mbili.

"Wewe unayejifanya fundi wa kuandika kwenye kuta za vyoo vya shule," akaniambia, "nitengenezee karatasi. Kila mmoja apewe moja ashike akinisikiliza, kisha aende nayo. Iwe upande mmoja. Mambo makuu tu. Na kila mahali uache nafasi waandike yao."

"Yao yapi?"

"Watakayoyafikiria."

"Wakifikiria ubwabwa je?"

"Wataandika ubwabwa. Karatasi itakuwa yao."

Mimi nilidhani amechoka. Tangu nizaliwe sijaona karatasi inayogawiwa watu ikiwa haijaisha. Karatasi ya shule imejaa, ya boma imejaa, hata ile ya duka la Mhindi ya kufungia sukari ina habari za vita pande zote mbili. Nikachukua zile kurasa kumi na mbili nikazisokomeza zote kwenye upande mmoja wa karatasi, kwa herufi ndogo kama sisimizi, nikabakiza kwenye kona nafasi ya kutosha kuandika jina la kuku. Nikampelekea kwa majivuno.

Mama aliitazama mara moja. Aliingia chumbani akafungua sanduku lake la Dar es Salaam, akatoka na karatasi mbili, akaniwekea juu ya meza. "Tazama halafu uniambie," akasema, akaenda kuchambua mchele.

Sasa hapo ndipo jambo lenyewe liliponishika, maana mimi ni mtu wa kupekua. Karatasi zote mbili alipewa alipokuwa anasoma, kwenye mazungumzo ya masista wawili tofauti wa hospitali. Ya kwanza ilikuwa imepigwa chapa vizuri kuanzia juu mpaka chini, na ilikuwa nyeupe kabisa, safi, haina hata kona iliyokunjika. Ungeweza kumpa mtu mwingine ukamwambia imetoka dukani leo. Ya pili ilikuwa chafu. Ilikuwa na maneno machache ya chapa, na baina yake mwandiko wa mama alipokuwa msichana, umepanda pembeni, umezunguka kona, umeshuka. Mahali pamoja aliandika "uliza tena". Pengine aliandika "si kweli, mama yake rafiki yangu alipona". Kulikuwa na doa la mafuta na alama ya bilauri. Ilikuwa imekunjwa na kukunjuliwa mpaka kwenye mikunjo imetoboka, na mama ameibandika kwa karatasi ya gundi.

"Ipi uliisoma?" nikamuuliza nikiwa bado nimeinamia meza.

"Umeshaona."

"Hii safi hukuisoma hata mara moja?"

"Nilisema nitaisoma nikipata nafasi. Imekwisha miaka kumi na saba."

Nikaanza kutaka kujua nafasi hiyo inatakiwa iweje. Ukubwa gani, iwe wapi. Mama akakubali kunifanyia jaribio. Nikakaa kwenye mkeka na karatasi pajani, yeye akasimama mlangoni akanizungumzia kana kwamba mimi ni wanawake arobaini. Nafasi yote nilikuwa nimeiweka chini kabisa, kipande kikubwa kimoja. Haikufaa. Alipokuwa anazungumzia wembe nilitaka kuandika kitu kuhusu wembe, ikabidi nishuke mpaka chini kutafuta mahali, na niliporudi juu mama alikuwa ameshafika kwenye uzi wa kufungia kitovu na mimi sijui tumefikaje. Kwa hiyo nikaikata ile nafasi vipande, kila jambo likapata yake papo hapo chini yake. Jaribio la pili likafichua kosa la mama mwenyewe. Kwenye karatasi uzi ulikuwa wa tatu, kwenye mdomo wake ulikuwa wa pili. Nikamwambia msikilizaji atapotea. Akanikodolea macho, kisha akatoa penseli akapanga mazungumzo yake upya kufuata karatasi. Siku hiyo nilijiona mkubwa wa kliniki.

Mambo makuu nayo tuliyapigania. Yeye alitaka tisa. Nikamwomba jirani yetu, mama mmoja wa Kimakonde aliyekuwa anasoma darasa la jioni la watu wazima, aje asikilize yote tisa kisha atutajie. Alitaja manne akaomba maji ya kunywa. Mama akatazama orodha yake kwa huzuni kama mtu anayechagua kuku wa kuchinja, akabakiza manne:

Moja: Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto.
Mbili: Chemsha wembe na uzi. Funga kitovu mahali pawili, kata katikati.
Tatu: Usipake kitu juu ya kitovu. Kiache kikauke.
Nne: Mtoto akiacha kunyonya, mlete siku hiyo hiyo.

Yule jirani ndiye aliyetufundisha pia upana. Nilikuwa nimechora mistari saba myembamba chini ya kila jambo, kama daftari la shule. Akashika penseli kama anashika mchi, akaandika neno moja, likameza mistari mitatu. "Mbona mmeniwekea njia ya panya?" akauliza. Tukaacha upana wa kidole kwa kila mstari, mistari mitatu tu. Mama akakumbusha jambo jingine: wakunga wengi wazee hawakwenda shule ya serikali, walisoma chuo cha Kurani, wanaandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kuanzia kulia. Basi nisiweke namba wala pambo lolote ndani ya nafasi, upande wowote, ili kila mtu aanzie anakotaka. Na kwa kuwa wanawake watakunja karatasi waifunge kwenye pindo la kanga, nikaipanga mkunjo wa katikati upite kwenye nafasi tupu, usipite juu ya neno.

Mwalimu wetu wa hesabu ndiye mwenye ufunguo wa mashine ya kuchapia nakala. Alinipa karatasi moja ya nta na kalamu ya chuma, akaniambia nikiiharibu ya pili nitailipia kwa kulima shamba la shule. Sijui kama mmewahi kuandika kwenye nta. Unaandika bila wino. Kalamu inakwangua nta tu, na wino baadaye unapita pale palipokwanguliwa. Ukikandamiza sana herufi ya duara, kipande cha katikati kinadondoka, "o" inatoka kama kinyesi cha mbuzi. Ukipiga mstari mrefu kwa rula, karatasi inachanika. Kwa hiyo ile mistari ya kuandikia niliifanya vitone vitone, na "kitovu" nikaliandika kama ninampapasa mtoto mwenyewe.

Nikamaliza. Ilikuwa nzuri, wallahi. Lakini chini kabisa kulibaki nafasi ya vidole vinne, na mama alikuwa amesema, "Hapo acha pia. Atakayekuwa na swali aandike hapo." Nikapatazama. Kila karatasi niliyopata kuiona ikitoka ofisini ilimalizika kwa jina na dole gumba. Hii yangu ilikuwa inaishia hewani kama suruali isiyo na pindo. Na mimi, nikiona pahali panapofaa mzaha, mkono unaniwasha. Nikachukua kalamu ya chuma nikaandika:

Nakiri mbele ya Serikali kuwa nimesikia yote na sikulala hata kidogo.

Chini yake duara, na ndani yake "dole gumba". Nikacheka peke yangu katika chumba cha mashine. Mwalimu akauliza kuna nini, nikasema wino unanitekenya. Nikazungusha mpini mara sitini, karatasi sitini zikatoka, nikazifunga kwa kamba. Mama alikuwa zamu siku ile, sikumwonyesha. Nilitaka aone Jumamosi pamoja na wengine, acheke.

Jumamosi alasiri wanawake walijaa kwenye baraza ya kliniki, kwenye mikeka. Yule bibi alifika wa mwisho na wenzake wanane nyuma yake, akaketi mbele kabisa bila kuonyeshwa mahali. Mimi ni mwanamume, au nilikuwa najidai hivyo, na mazungumzo yalikuwa ya uzazi. Kwa hiyo niligawa karatasi na vipande vya penseli haraka haraka, nikaenda kukaa nje chini ya dirisha, upande wa pipa la maji. Kutoka pale nilisikia yote, na nikiinuka kidogo niliona.

Ndani ya sufuria, juu ya jiko la mkaa, mama alikuwa anachemsha mkasi, wembe na uzi ili waone. Akasalimu, akakaribisha. Kabla hajaanza, yule bibi alimpa karatasi mjukuu wake aliyekuwa amesoma mpaka darasa la nne.

"Nisomee."

Msichana akasoma moja mpaka nne, vizuri, kwa sauti. Kisha akafika chini. "Nakiri mbele ya Serikali kuwa nimesikia yote na sikulala hata kidogo."

Mwanamke mmoja wa nyuma akacheka. Akajikuta yuko peke yake.

"Soma tena hapo," bibi akasema.

Akasoma tena.

"Nakiri mbele ya nani?"

"Ya Serikali, bibi."

"Na kiduara hicho?"

"Cha dole gumba."

"Vizuri. Sasa twende juu. Hapa chini ya moja pana nini?"

"Ni patupu, bibi."

"Chini ya mbili?"

"Patupu."

"Na tatu, na nne?"

"Kote patupu."

"Kwa hiyo mimi natia dole hapa chini kwamba nakiri," bibi akasema polepole, kama anayehesabu shanga, "na huku juu, kile ninachokikiri bado hakijaandikwa. Nikishakwenda zangu, mtu anajaza."

Hapo nikainuka pale dirishani. Sikuwa nimeliona hata kidogo. Katika kichwa changu lile lilikuwa pahali pa kuandika na lile ni mzaha, vitu viwili mbalimbali. Yeye aliviona ni kitu kimoja, na kilikuwa kimekamilika: tupu juu, dole chini.

Akawageukia wenzake. Aliwaeleza kwamba baba yake alipouza shamba la minazi kule Kilwa, hati ilipokwisha kuandikwa, karani alipiga mstari kutoka neno la mwisho mpaka ukingoni, na chini yake tena, mpaka mahali pa sahihi, pasibaki penye upana wa punje ya mchele. Baba yake hakutia mkono mpaka alipohakikisha. "Karatasi yenye pengo inaongezwa," akasema. "Leo nimekiri sikulala. Kesho nimekiri niliua watoto watatu wa watu."

Akachukua penseli. Akapiga mstari chini ya moja, kutoka kona hadi kona ya ile nafasi. Chini ya mbili. Chini ya tatu, chini ya nne, kisha akalikata duara langu kwa msalaba. Wenzake wanane wakafanya hivyo hivyo. Wa nyuma nao wakaona ndiyo kazi yenyewe waliyoitiwa, wakapiga mistari. Baraza nzima ilikuwa inaandika. Penseli zilisikika kama mvua ndogo juu ya makuti. Hata jirani yetu, aliyejua vizuri nafasi zile ni za nini maana alizipima kwa vidole vyake, naye alikuwa anazifunga.

Bibi akaanza kujikusanya kanga.

"Mama Mkubwa, ngoja," mama akasema. Alikuwa ameshika karatasi yake na ilikuwa mara ya kwanza anaisoma mpaka chini. Hakupandisha sauti. "Aliyeandika hilo ni mwanangu. Yuko hapo dirishani. Njoo wewe."

Nikaingia. Kuna njia ndefu nilizowahi kutembea, kuna siku nilitembea kutoka Mitole na mzigo, lakini ile ya kutoka mlangoni mpaka mbele ya yule bibi ilizishinda zote.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Haya maneno ya chini umeambiwa na daktari?"

"Hapana."

"Na bwana wa boma?"

"Hapana, bibi."

"Kwa amri ya nani, basi?"

"Kwa akili yangu tu."

"Hiyo akili yako ina mhuri?"

Wanawake wakaguna. Nikasema haina.

"Kwa nini uliandika?"

Nilikuwa na uongo mzuri wa aina mbili tayari mdomoni. Lakini alinitazama kwa macho yale yaliyoniona kabla sijavaa nguo. "Niliona pahali patupu," nikasema. "Nikataka watu wacheke."

"Mimi nimecheka?"

"Hujacheka, bibi."

Mama akaopoa mkasi kwenye maji yanayochemka kwa koleo, akaupunga upoe, akanipa. "Kata chini ya namba nne. Karatasi zote. Moja moja, mbele yao." Kisha akawaambia wanawake, kwa sauti yake ya kazi: "Mkasi huu sasa umegusa karatasi na mkono wa mtoto huyu, si safi tena. Akimaliza nitauchemsha upya, mtaona unachemshwaje na kwa muda gani."

Nikakata. Nilipiga magoti mbele ya kila mwanamke, mtu wa miaka kumi na tano mwenye ndevu tatu, nikakata kipande chenye maneno yangu na kumkabidhi mwenyewe akichane. Walikuwa na la kusema kila mmoja. "Usinikate kidole nikakosa cha kutilia sahihi." "Huyu akioa, mkewe atatia dole kabla ya kula." Yule bibi alikichana kipande chake mara nne, akaviweka kwenye pindo la kanga, sijui kwa nini.

Lakini nafasi zilikuwa zimekwisha kufungwa. Karatasi arobaini na zaidi, kila moja ina mistari minne minene kama nyaya za simu. Nilikuwa na nyingine chache zilizobaki, hazikutosha hata safu moja.

"Geuzeni," mama akasema.

Wakageuza. Bibi akainua yake kwenye mwanga, akaitazama mbele na nyuma.

"Huku hakuna neno la mtu?"

"Hakuna, Mama Mkubwa. Wala karatasi hii hairudi kwangu. Sitaiomba, daktari hataiona. Unaondoka nayo. Utakaloandika ni lako, na usipoandika ni sawa."

"Hairudi?"

"Hairudi."

Bibi akaigeuza karatasi mara moja zaidi. Kisha akaketi tena. Akaandika upande wa kulia, kwa tarakimu za chuoni, moja, mbili, tatu, nne, akiachanisha kila moja kwa kiganja chake kizima. Alijitengenezea nafasi zake mwenyewe, kubwa kuliko nilizompa mimi. Nilikuwa narudi dirishani, na nilipoona vile nikasimama kidogo kuzitazama, mpaka mama akanifukuza kwa kidevu.

Mazungumzo yakaanza. Moja ikapita kwa utulivu. Mbili ikapita, mkasi ukachemshwa mbele yao, wakauliza kama uzi wa kushonea unafaa, mama akasema unafaa ukichemshwa. Bibi aliandika maneno mawili matatu. Mama akafika kwenye tatu. Akaeleza habari ya majivu, na udongo, na masizi ya chungu, kwamba humo ndimo ugonjwa unamokaa. Na nikamsikia anachagua maneno, kwa maana alijua anamwambia nani.

"Majivu hayo nani anapaka?" bibi akauliza.

Mama akajibu, "Ninyi mnaozalisha, Mama Mkubwa. Ndivyo tulivyoambiwa."

"Mliambiwa na nani? Mmewahi kuniuliza?" Hakuwa na hasira. "Mimi nafunga, nakata, naondoka. Nina mwingine ananisubiri. Siku ya tatu anaingia mama mkwe. Anasema kitovu kimechelewa kuanguka, cha mwanawe kilianguka siku ya nne. Ndiye mwenye majivu. Wale watoto watatu unaowasema, wawili niliwapokea mimi, na nilipoitwa tena nilikuta kitovu cheusi kama chini ya sufuria. Hata mimi nilikuwa najiuliza."

"Ndivyo," mwenzake mmoja akasema. "Kwa yule wa karibu na kisima, bibi mzaa baba alipaka mpaka na tope la mfinyanzi."

Wakaanza kuzungumza wote. Nani hupaka, siku gani, anachukua wapi, na kwamba mzazi mwenyewe hana kauli ndani ya nyumba ya mumewe. Mama hakuendelea na nne kwa muda. Niliinuka pale dirishani nikamwona anajipapasa mifuko. Akachukua karatasi yake ya mazungumzo, imejaa pande zote mbili. Akageuza daftari, limejaa. Akaandika kitu kwenye kiganja, akaandika kingine juu yake, akabaki kusikiliza tu, midomo inachezacheza kama mtu anayekariri.

Bibi naye alikuwa anaandika. Chini ya tatu yake alijaza kiganja kizima akavuka, akaingia kwenye nne. Alipomaliza alipiga mstari kutoka neno la mwisho mpaka ukingoni. Akakunja karatasi mara mbili, akaifunga kwenye pindo la kanga, akamwambia mama atakuja na Jumamosi nyingine kama mazungumzo yatakuwa ya pande mbili namna hii. Alipopita dirishani kwangu akasema, bila kugeuka, "Mume wangu, siku nyingine ukitaka kuchekesha watu, ucheze ngoma."

Tukarudi nyumbani. Nilibeba jiko, mama alibeba sufuria. Nilikuwa nangoja fimbo, au kama si fimbo basi maneno, na nilikuwa tayari nimechagua uso wa kuyapokelea. Alipofika aliweka sufuria, akavua viatu, akakaa kwenye kizingiti akatazama kiganja chake, wino umeshachanganyika na jasho.

Nikasema, "Mama, nisamehe."

Akasema: "Jumatatu kamwombe mwalimu nta nyingine. Tutengeneze ya mama wakwe, na chini ya tatu uache nafasi mara mbili ya ile. Halafu mimi unipe karatasi moja isiyo na neno hata moja, maana leo ni mimi peke yangu pale niliyekosa mahali pa kuandika."